Jongo: dawa inayoanza polepole na dawa ya usiku wa maumivu

Maradhi ya jongo, ambayo wengi wetu hapa Arusha tunayaita gauti, huja na fedheha isiyostahili. Mtu akionekana anachechemea, wapo watakaonong'ona kuwa ni mlevi au ni mlafi wa nyama. Baba yetu, mkazi wa Njiro mwenye miaka 61, hajapata kuonja pombe maishani mwake. Hata hivyo, usiku mmoja kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kilivimba, kikawa chekundu na cha moto, hata shuka likimgusa alipiga ukelele.

Majirani walisema ni maji ya Arusha yenye floraidi. Ni kweli kwamba maji ya maeneo mengi yanayouzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, nayo huharibu meno na mifupa. Lakini madhara hayo hujengeka kwa miaka. Hayaji kwa kidole kimoja kati ya usiku na alfajiri. Jongo husababishwa na asidi ya yuriki kuzidi katika damu, na kwa wagonjwa walio wengi sababu kubwa ni kwamba figo haziitoi ya kutosha. Nyama, pombe na soda huongeza mzigo, ila si chanzo pekee. Asidi hiyo ikizidi hugeuka kuwa fuwele ndogo, zenye ncha kama sindano, ambazo hukaa ndani ya viungo.

Jambo ambalo familia nyingi hulichanganya ni kwamba ugonjwa huu una dawa za aina mbili, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza hutuliza shambulio la usiku ule. Ya pili hushusha asidi kwa miezi na miaka, nayo haiondoi maumivu ya leo hata kidogo.

Usiku ule daktari alimwandikia baba kolkisini, vidonge vya miligramu 0.5. Alimeza 2 papo hapo, kisha 1 baada ya saa moja, akaishia hapo kwa siku ile. Kuanzia kesho yake alimeza 1 asubuhi na 1 jioni hadi uvimbe ulipotulia. Dawa hii hufaa zaidi ikianzwa mapema, ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze. Anayesubiri siku tatu hupata nafuu ndogo. Kuzidisha vidonge hakuongezi nafuu, huongeza hatari. Kuharisha na kutapika ndiyo dalili za kwanza kwamba kipimo kimezidi, na hapo dawa huachwa na daktari huarifiwa. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa kipimo au hupewa dawa nyingine. Tena kolkisini haichanganywi na klarithromaisini, dawa ambayo wengi hupewa kwa vidonda vya tumbo, kwa maana huizuia isitoke mwilini hata ikawa sumu.

Uvimbe ulipokwisha kutulia kwa wiki 2, daktari alianza dawa ya pili, alopurinoli. Wapo madaktari wanaoianza hata shambulio likiwa bado lipo, mradi mgonjwa anatumia dawa ya kutuliza. Asidi ya baba ilikuwa mikromoli 540 kwa lita moja ya damu, na shabaha ilikuwa kuishusha chini ya 360, ambayo katika maabara nyingine huandikwa miligramu 6 kwa desilita. Aliandikiwa miligramu 100 kwa siku, mara moja, baada ya chakula. Baba alishangaa: mzee mwenzake alikuwa akimeza 300.

Maelezo ya daktari yalikuwa mepesi. Kuanza na kipimo kikubwa huongeza uwezekano wa mwili kuikataa dawa kwa upele mkali unaoweza kuua. Zaidi ya hayo, asidi ikishuka ghafla, fuwele zilizokaa miaka huanza kumeguka. Ni kama gamba lililoganda ndani ya birika: ukilitia limau hulegea, na vipande vyake hutoka na chai. Vipande vya fuwele vikimwagika ndani ya kiungo huamsha shambulio jipya. Kwa hiyo dawa hupandishwa kwa ngazi, miligramu 100 kila baada ya wiki 4 hivi, damu ikipimwa kabla ya kila ngazi. Mwenye ugonjwa wa figo huanzia miligramu 50 na hupanda taratibu zaidi. Ili kumkinga baba, aliambiwa pia aendelee na kolkisini kidonge 1 kwa siku kwa miezi 6.

Kinga hiyo hupunguza mashambulio, haiyafuti yote. Wiki ya 6, baba akiwa kwenye miligramu 200, kifundo cha mguu wa kulia kiliwaka. Baba mkubwa alifika nyumbani akasema, "Mdogo wangu, tangu uanze vidonge hivi ndiyo kwanza umeugua mguu wa pili. Vitupe." Mama alimjibu kwa upole, "Shemeji, tuliambiwa mapema kuwa siku hii huenda ikaja."

Hapo ndipo wagonjwa wengi huiacha dawa. Shambulio katika miezi ya mwanzo huonyesha kuwa fuwele zinayeyuka, wala si ushahidi kwamba dawa imeshindwa. Baba hakuacha alopurinoli hata siku moja, wala hakuongeza kipimo. Kwa kuwa figo zake zilipimwa zikaonekana nzima, hana vidonda vya tumbo wala maradhi ya moyo, daktari alimwongezea diklofenaki miligramu 50 mara 3 kwa siku baada ya kula, aendelee nayo hadi siku 1 au 2 baada ya maumivu kwisha. Ilimtosha siku 5. Asiye na sifa hizo, au anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, asiinunue dukani kwa mazoea. Daktari anaweza kumpa prednisoloni kwa siku chache badala yake. Na kiungo kinachowaka pamoja na homa na kutetemeka kipelekwe hospitali mara moja, maana huenda ni usaha.

Sababu moja tu humpasa mgonjwa kuacha alopurinoli papo hapo bila kusubiri miadi: upele, vidonda mdomoni, au macho kuwa mekundu, hasa katika wiki 8 za mwanzo. Aache, na siku hiyo hiyo aonwe.

Kuhusu Ramadhani, alopurinoli haina taabu: humezwa mara moja baada ya futari, na maji hunywewa kwa wingi hadi daku. Kolkisini ya kinga nayo humezwa usiku. Lakini shambulio likija, dawa ya mara 3 kwa siku na kiu ya mchana havipatani, na mgonjwa anayo ruhusa ya kufungua na kulipa.

Katika wiki ya 12 baba alikuwa kwenye miligramu 300, na damu ilisoma 340. Kama isingefika shabaha, angepandishwa tena; 300 siyo mwisho wa ngazi. Sasa anakaa tahiyatu kidole kikiwa kimekunjwa, bila kuomba kiti. Dawa hii ni ya miaka mingi, huenda ya maisha, kwani ikiachwa asidi hupanda tena na fuwele hurudi kimyakimya. Kwa sababu hiyo sisi wanawe tumegawana kazi: mmoja hununua kopo jipya kabla la zamani halijaisha, na mwingine humpeleka kupima damu kila baada ya miezi 6.