Mbinga na Mbingu

Mbinga ni wilaya ya Ruvuma, nchi ya kahawa. Mbingu ni kata ya Morogoro, kwenye bonde la Kilombero, na watu wake hulima mpunga. Majina hayo yametenganishwa na herufi moja, na mkulima anayebonyeza kiswaswadu akiwa juani hana sababu ya kuihakiki. Kazi yangu ni kusoma meseji za wakulima wanaouliza bei, kuchomoa humo jina la mtu na la mahali, kisha kuyaoanisha na orodha ya kata na ya wakulima waliojiandikisha. Kazi hii imenifundisha kutoamini upesi vitu vinavyofanana.

Kipimo kinachotumika sana ni cha Vladimir Levenshtein, mwanahisabati wa Kirusi, cha mwaka 1965. Unahesabu herufi ngapi ziongezwe, zifutwe au zibadilishwe ili neno moja liwe jingine. Kutoka Mbagala hadi Mbagara ni hatua moja, na mahali ni palepale. Aliyeandika ameandika anavyotamka. Kutoka Mbinga hadi Mbingu nako ni hatua moja, lakini ukikosea umempa mtu bei za soko la mkoa mwingine. Kipimo kimehesabu sawasawa mara zote mbili. Tatizo ni kwamba kwake kila herufi ina uzito uleule, wakati sisi tunajua kuwa l na r hubadilishana kila siku, na a ya mwisho haigeuki u hivihivi tu.

Wengine hukimbilia Soundex, mbinu ya Kimarekani iliyopewa hataza mwaka 1918, inayogeuza jina kuwa msimbo kwa jinsi linavyosikika. Jaribu uone. Mbagala inatoa M124 na Mbagara M126, kana kwamba ni sehemu mbili. Mbinga na Mbingu zote zinatoa M152, kana kwamba ni sehemu moja. Mbinu hiyo hutupa irabu na kuzitenga l na r, kwa sababu ilitengenezwa kwa masikio ya Kiingereza. Kwetu irabu ndiyo inayobeba jina.

Kwa hiyo ufunguo tulitengeneza wenyewe. Herufi zote ziwe ndogo, r iandikwe l, dh iandikwe z, x ya vijana iwe s, irabu zibaki zilivyo. Ramadhani, Lamazani na Ramazani wanakutana hapo bila kubishana. Kisha, na hili wengi hulisahau, ufunguo huo upitishwe kwanza juu ya orodha yenyewe, ili uone ni majina gani halali umeyagonganisha kabla hata meseji moja haijaingia.

Majina mafupi hayavumilii ukarimu huo. Hai ni wilaya ya Kilimanjaro, na “hii” iko hatua moja tu kutoka hapo. Ukiruhusu kosa la herufi moja, nusu ya nchi itahamia Hai. Jina la herufi tatu au nne nalitaka lilingane kikamilifu, tena liwe na neno kama “wilaya ya” au “natokea” mbele yake. Na mtu akiandika “mbingu imefunga, mvua ipo?” hajataja kata yoyote.

Chukua meseji ya mfano: “bei mpunga mbinga lamazani”. “Bei” na “mpunga” vinatolewa, maana vimo katika orodha ya maneno ya kazi. “Lamazani” inapata wakulima kadhaa. “Mbinga” inalingana na wilaya bila kosa lolote, na programu ingependa kuishia hapo. Lakini tazama: miongoni mwa akina Ramadhani yupo mmoja aliyejiandikisha Mbingu, na zao lake ni mpunga. Ulinganifu kamili wa herufi sasa umekuwa ushahidi dhaifu kuliko zao na jina vikiwa pamoja. Hata hivyo simhamishi kimyakimya. Anarudishiwa meseji: “Mbinga ya Ruvuma au Mbingu ya Morogoro? Jibu 1 au 2.” Kumuuliza ni gharama ya meseji moja. Kumkisia vibaya kunaweza kumfanya auze gunia kwa bei isiyo ya sokoni kwake.

Wakubwa huuliza ni asilimia ngapi ya meseji zimeoanishwa. Mimi ningeuliza kwanza ni ngapi zimeoanishwa vibaya, maana jina lisilopatikana hubaki wazi na mtu atalishughulikia, ila lililopachikwa pasipo pake halimsumbui mtu ofisini.

Wewe unayeandaa orodha kama hii, ongeza safu moja pembeni ya jina rasmi, uandike humo kila namna ambayo watu wameliandika na ikathibitishwa. Usiifute hata ikikuchekesha.