Keloidi: kukata peke yake hakutoshi

Wadau, leo tuongelee masikio. Binamu yangu alitoboa sikio kwa juu, pale penye gegedu, akiwa na miaka 19. Kidonda kilipona vizuri tu, bila usaha. Miezi mitatu baadaye kikaota kivimbe kigumu, kinawasha, na kila mwezi kinaongezeka. Kilipofikia ukubwa wa karanga akaenda zahanati moja hapa mjini, kikakatwa, akashonwa, akaambiwa yamekwisha. Ndani ya nusu mwaka kikarudi, safari hii kikubwa kuliko cha kwanza. Akaanza kufunga kitambaa kichwani hata kazini.

Kwa nini kilirudi? Mwili unapoziba kidonda, seli za ngozi hutengeneza nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Kazi ikiisha, seli hizo hutulia. Kwenye keloidi hazitulii, zinaendelea kujaza nyuzi mpaka kovu linavuka mipaka ya kidonda chenyewe. Hapo ndipo unapolitofautisha na kovu nene la kawaida, ambalo hubaki palepale kwenye jeraha na mara nyingi hunywea baada ya miezi. Keloidi huwapata zaidi watu weusi, vijana, na wenye ndugu waliowahi kuwa nazo. Si uchafu, si kurogwa, wala si saratani.

Sasa unaona tatizo la kisu. Kukata keloidi ni kuupa mwili uleule kidonda kipya, tena kikubwa kuliko tundu la hereni. Zikikatwa tu bila tiba nyingine, karibu nusu au zaidi hurudi.

Daktari wa ngozi aliyemwona baadaye alianza na sindano za triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi, zinazochomwa ndani ya kovu lenyewe kila baada ya wiki 4 hadi 6. Zinauma, tusidanganyane. Zikifanya kazi, muwasho hupungua, kisha kovu hulainika na kushuka. Dawa ikizidi, ngozi hubonyea na kupauka, ndiyo maana si kazi ya kila mtu mwenye bomba la sindano. Lilipolainika likakatwa, sindano zikaendelea kwenye mshono, naye akavaa hereni maalumu za kubana, usiku na sehemu kubwa ya mchana, kwa miezi 6. Kwa keloidi sugu za watu wazima, hospitali zenye mashine za mionzi huweza kupiga mionzi siku moja au mbili baada ya kukata. Kugandisha kwa naitrojeni nako kupo, ila kwenye ngozi nyeusi huweza kuacha baka jeupe.

Huu ni mwaka wa pili na sikio bado limetulia, ingawa anaendelea kuchunguzwa maana keloidi huweza kurudi kwa kuchelewa.

Kwa hiyo ukiambiwa "tutaikata tu", uliza kwanza: baada ya kukata, nitapewa nini ili isirudi? Kama hakuna jibu, usipande kitandani.