Notisi ya siku 60

Wadau, nimekuwa kimya kidogo hapa kijiweni. Nilikuwa na kimuhemuhe cha kuhama kazi.

Mwezi Mei 2024 nilifanya usaili kwenye gazeti jingine (msiniulize lipi). Wakaniuliza ukipata kazi unaweza kuanza lini. Nikajibu kwa kujiamini kabisa, mwezi mmoja tu. Si kila mtu anajua notisi ni siku 28? Ijumaa ya tarehe 7 Juni barua ya ofa ikaja: kuanza Jumatatu, 1 Julai. Nilikuwa kwenye daladala la Kawe, nimesimama mlangoni, nikaisomea hapohapo kwenye simu mpaka nikapitilizwa kituo.

Usiku nyumbani nikatoa mkataba wangu wa sasa kutoka chini ya godoro. Kifungu cha notisi: siku 60. Nilikisaini miaka miwili iliyopita bila kukisoma, mimi ambaye kazi yangu ni kusoma nyaraka za watu.

Nikamvutia waya jamaa yangu tuliyesoma naye Mlimani, sasa ni wakili. Akacheka kwanza. "Kaka, hizo 28 ni kiwango cha chini." Akanieleza kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 41, inataka siku zisizopungua 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, lakini mkataba unaruhusiwa kuweka muda mrefu zaidi, ilimradi muda huo uwe sawa kwa mwajiri na mwajiriwa. Wangu ulikuwa sawa pande zote. Kwa hiyo umenibana kihalali.

Nikamwambia basi nitaondoka tu, watanifanya nini? Akasema kifungu hichohicho kinamruhusu mwajiri kukata kwenye fedha zako za mwisho kile ambacho ungelipwa kama ungefanya kazi siku zile za notisi. Likizo yangu niliyokuwa naidai, ambayo nilishaipangia kodi ya chumba, ingeishia humo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi ndiye niliyesema mwezi mmoja. Ningeonekana mwongo kabla sijaanza.

Jumapili jioni nilikwenda kukaa pembeni ya viwanja vya Tanganyika Packers, vijana wanacheza mpira, nikaandika barua pepe mara nne. Ya kwanza ilikuwa ndefu kama makala, imejaa samahani. Ya nne, niliyoituma Jumatatu tarehe 10, ilianza kwa kusema ofa nimeikubali, ili wasidhani natafuta mlango wa kutokea. Kisha nikakiri kosa: kwenye usaili nilitaja mwezi bila kuangalia mkataba, nao unasema siku 60, kifungu nimekiambatanisha. Halafu nikataja tarehe kamili: nikikabidhi notisi Ijumaa, 14 Juni, siku ya 60 ni 13 Agosti, naomba nianze tarehe 14. Nilitaka kuongeza kwamba hata sasa naweza kuwaandikia stori mbili tatu za jioni. Wakili akaniambia futa. Bado nilikuwa nalipwa na gazeti jingine, shindani.

Na notisi sikuipeleka. Hapo ndipo pagumu, maana kila siku unayosubiri jibu inasogeza mwisho wako mbele. Lakini ukijiuzulu kabla tarehe mpya haijaandikwa, wakikataa unabaki huna huku wala kule.

Alhamisi dada wa utumishi akapiga simu. "Mdogo wangu, Agosti 14 hatuwezi, kuna toleo jipya linaanza. Mwisho wetu ni tarehe mosi." Nikamwomba aniandikie. Akaandika, na ofa ikarekebishwa.

Zikabaki siku 13 za pengo, tarehe 1 hadi 13 Agosti. Kwa mshahara wangu wa laki tisa, hesabu ya haraka kwa mwezi wa siku 30 ni 390,000. Ningekatwa ningeishi. Ila nilijaribu kwanza kuomba.

Ijumaa nikampelekea mhariri barua ya notisi ya siku 60 kamili, na barua ya pili nikiomba kuachiwa jioni ya 31 Julai. Nikaambatanisha orodha ya stori zilizo mezani, vyanzo ambavyo vimekubali kupokelewa na mwenzangu, na kesi mbili za mahakamani na tarehe zake za kutajwa. Akasoma hiyo orodha kwa muda mrefu kuliko barua zote mbili. "Dogo, hii kesi ya pili utamalizana nayo?" Nikamwambia itatajwa tarehe 24 Julai, nipo.

Akachukua kalamu, akaandika pembeni "Nakubali, 31/7", akasaini. Nilimwomba na mhuri. Akaniangalia, akapiga mhuri.