Mbuzi wa Jikoni

Katika nyumba moja mjini Leicester, binti wa miaka 14 hucheza kila asubuhi fumbo liitwalo Connections, lililoanzishwa na gazeti la New York Times mwaka 2023. Maneno 16 hugawanywa katika makundi manne yasiyotajwa. Kosa la nne humtoa mchezaji.

Jumapili moja mama yake, mzaliwa wa Unguja, alimwandalia fumbo la Kiswahili kwa vipande vya karatasi: mbuzi, kanga, paa, tembo, kima, fisi, twiga, kinu, mwiko, chungu, kikoi, shuka, kitenge, ukuta, dari, mlango.

Binti aliwaona wanyama mara moja. Akateua mbuzi, fisi, tembo na twiga.

“Umekosa, lakini kwa moja tu,” alisema mama.

Akamtoa fisi, akamweka kima. Jibu likawa lile lile: moja tu.

Hapo akatulia kufikiri. Iwapo kumbadilisha fisi kwa kima hakukuongeza wala kupunguza kitu, basi ama wote wawili wamo katika kundi hilo, ama wote wawili hawamo. Fisi hana pengine pa kwenda. Kwa hiyo wamo. Mgeni ni mmoja kati ya mbuzi, tembo na twiga.

Kosa lake lilikuwa kuanza na kundi lenye wagombea wengi. Wanyama walikuwa saba, akiwemo kanga mwenye mabawa na paa wa porini. Kundi kama hilo huachwa hadi mwisho. Huanzwa na lile lenye upungufu: ukuta, dari na mlango vinahitaji cha nne, nacho ni paa la nyumba. Kikoi, shuka na kitenge vinadai kanga ya kuvaa. Binti aliyapanga yote mawili bila kosa.

Yakabaki kinu, mwiko na chungu, pamoja na wanyama watano. Alijua kwamba vyombo vya jikoni vinakosa kimoja, ila hakukiona. Akajaribu tembo, kwa kuwa aliwahi kusikia kuwa tembo pia ni kileo cha mnazi. Kosa la tatu.

“Mwanangu, nazi hukunwa kwa nini?”

“Nazi si hutoka koponi, mama?”

Mama hakucheka. Alikwenda chini ya ngazi, akatoa kigoda cha kukunja chenye ulimi wa chuma wenye meno, alichokuja nacho kutoka kwao na ambacho hakijakuna nazi tangu binti azaliwe.

“Huyu ndiye mbuzi,” alisema.

Binti aligusa meno yake kwa kidole, kisha akaisogeza karatasi ya mbuzi kando ya chungu. Wanyama wanne wakabaki wenyewe.

Jumapili iliyofuata walinunua nazi mbili.