Asilimia 12 ya Mafuta Si Asilimia 12 ya Kalori

Wasee, leo tuongelee namba moja kwenye paketi ambayo inachanganya watu wengi, hata wale wanaosoma lebo kabla ya kununua.

Mamangu ana presha. Kliniki walimwambia apunguze mafuta, na wakampa kipimo rahisi: kwa siku nzima, kalori zinazotoka kwa mafuta zisipite asilimia 30. Hicho ndicho kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima. Basi akaenda duka moja hapa Kiritiri, akachukua biskuti za kutoka nje, akasoma nyuma: mafuta, gramu 9, asilimia 12. Akaniambia, "Si unaona? Kumi na mbili iko chini ya thelathini. Hizi ni sawa."

Hesabu yake ingekuwa poa kama hizo asilimia mbili zingekuwa kitu kimoja. Lakini si kitu kimoja.

Ile 12 imeandikwa chini ya herufi DV, yaani kiwango cha siku. Kwa lebo za Kimarekani, kiwango hicho ni gramu 78 za mafuta kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku. Chukua gramu 9, gawanya kwa 78, unapata karibu 12 kwa mia. Kwa hivyo lebo inasema: ukila kipimo hiki, umetumia asilimia 12 ya mafuta yako ya leo. Haisemi biskuti yenyewe imejaa mafuta kiasi gani.

Kujua hilo, unahitaji namba mbili tu: gramu za mafuta na jumla ya kalori. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Paketi ya mama ilisema kipimo kimoja kina kalori 200. Basi:

```
9 x 9 = 81
81 / 200 x 100 = 40.5
```

Asilimia 40 ya kalori za hiyo biskuti ni mafuta. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na ile 30 ya kliniki. Zamani lebo za Marekani zilikuwa na mstari wa kalori zinazotoka kwa mafuta, lakini kanuni mpya za 2016 ziliuondoa. Siku hizi unapiga hesabu mwenyewe.

Sasa angalia mchezo wa kipimo. Paketi ya mama ilikuwa na vipimo vitatu, na nani hapa hula theluthi ya biskuti halafu afunge paketi? Ukimaliza yote, mafuta ni gramu 27, na ile 12 inapanda hadi karibu 35. Lakini 40 inabaki 40, kwa sababu mafuta na kalori zimepanda pamoja. Kampuni ikipunguza kipimo, asilimia ya siku inashuka bila biskuti kubadilika hata kidogo. Fungu la kalori haliwezi kudanganywa hivyo.

Paketi nyingi za huku kwetu hazina DV kabisa. Zinaandika mafuta na nishati kwa kila gramu 100. Hesabu ni ile ile, ila chunga kilojuli. Ukiona nishati 2,100 na mafuta gramu 22, ukizidisha kwa 9 utapata asilimia 9, na utafurahi bure. Dalili iko wazi: hata mafuta matupu hayapiti kalori 900 kwa gramu 100, kwa hivyo 2,100 lazima ziwe kilojuli, kJ. Hapo zidisha gramu kwa 37 badala ya 9. Unapata 814, na ukigawanya kwa 2,100 ni karibu asilimia 39.

Lakini usianze kutupa kila kitu kinachopita 30. Njugu karanga zinapita asilimia 70, na bado ni chakula kizuri, maana mafuta yake mengi si yale ya kugandamana. Ile 30 ni ya siku nzima, si ya kila kitu unachotia mdomoni. Mama anaweza kula biskuti mbili na chai kama vyakula vingine vya siku vina mafuta kidogo.

Na huku Mbeere tuna ndengu. Kalori zake zinazotoka kwa mafuta ni kama asilimia 3 tu. Shida ni sufuria. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia ni gramu 14 hivi, yaani kalori 126, na zote ni mafuta. Ndengu za gorogoro hazina lebo, kwa hivyo kwetu nyumbani sasa tunahesabu vijiko.