Jibu Sahihi, Namba Siyo Yake

Fildi ya mwaka jana nilipangiwa Biolojia, Kidato cha Pili, mikondo miwili, jumla wanafunzi 84. Wiki ya nne nikaambiwa niwape testi. Nikatunga maswali 40 ya kuchagua, A mpaka D, kwa sababu ukiwa na wanafunzi 84 na wiki moja ya kusahihisha, hutungi insha. Karatasi za kutolea kopi zilikuwa chache, kwa hiyo nikatoa nakala 45, mkondo wa kwanza wafanye asubuhi, zikusanywe, mkondo wa pili wafanye baada ya mapumziko. Ndiyo maana nikatangaza kwa sauti kubwa: "Hakuna kuandika chochote kwenye karatasi ya maswali. Jibuni kwenye karatasi zenu, namba na herufi tu."

Agizo hilo nililitoa mimi. Naomba mlikumbuke, maana litarudi mbele.

Kusahihisha nilifanya kwa njia ambayo wengi wetu tunaijua. Nilichukua karatasi ya mistari kama ile waliyojibia, nikaandika majibu sahihi moja kwa kila mstari, 1 mpaka 20 upande mmoja na 21 mpaka 40 upande wa pili, kisha nikakata vipande viwili vyembamba. Unaweka kipande pembeni ya majibu ya mwanafunzi, macho yanakwenda mstari kwa mstari, herufi zinafanana au hazifanani. Karatasi moja dakika moja na nusu. Raha tupu.

Karatasi ya binti mmoja wa mkondo wa pili ikanipa 18. Nilishangaa kidogo, kwa sababu darasani ndiye aliyekuwa akinijibu maswali ambayo wenzake wanaangalia dirishani. Pale shuleni, aliyepata chini ya 20 anaitiwa mzazi. Nikaandika 18 kwa penseli, nikanyoosha mkono kuchukua chai, na kile kipande kikateleza juu mstari mmoja. Nikaangalia tena. Kuanzia katikati, kila herufi ilikuwa imekaa mahali pake.

Ngoja niwaonyeshe. Majibu sahihi ya swali la 11 mpaka la 21 yalikuwa haya:

11 C, 12 A, 13 D, 14 B, 15 B, 16 C, 17 A, 18 D, 19 C, 20 A, 21 B

Yeye kuanzia 11 mpaka 20 aliandika hivi:

11 C, 12 A, 13 B, 14 B, 15 C, 16 A, 17 D, 18 C, 19 A, 20 B

Swali la 13 hakulijibu. Lilikuwa chini kabisa ya ukurasa wa pili, lina mchoro wa moyo na mishale, na ni wazi alisema moyoni "hili nitalirudia", akafungua ukurasa. Swali lililofuata lilikuwa la 14 na jibu lake B. Lakini kwenye karatasi yake mstari uliokuwa unasubiri ni wa 13, akaandika B hapo. Mkono ulikuwa unahesabu namba zake wenyewe, haukuziangalia za karatasi ya maswali. Kutoka hapo kila jibu lilikaa kwenye kiti cha jirani yake, mpaka mwisho. Namba 40 yake ilikuwa tupu.

Oneni na hiyo 14. Imepata tiki, lakini kwa bahati tu, kwa kuwa 14 na 15 zote jibu ni B. Hicho ndicho kinachoficha kosa la namna hii. Ukiteleza mstari mmoja hupati sifuri, maana katika herufi nne, karibu moja kati ya kila nne itaangukia sawa. Kuanzia 13 mpaka 39 aliandika majibu 27, na kwa kusomwa yalivyo alipata 7. Mwalimu anaona tiki hapa na pale, anasema huyu amebahatisha. Nilipokisogeza kipande, katika hayo hayo 27 yakawa sahihi 24. Ukijumlisha 11 aliyopata kabla ya kuteleza, binti wa 18 alikuwa na 35. Kwa kubahatisha huwezi kupata 24 katika 27.

Nikampelekea mwalimu wa somo, mama mtu mzima anayekaribia kustaafu. Nikamwamkia, nikamweleza, nikamwomba tumpe 35 zake. Akaivaa miwani, akaiangalia karatasi muda mrefu.

"Mwanangu, huyu nimemsogezea wewe macho yako kwa sababu unampenda. Wengine 83 umewasogezea?"

Sikuwa na jibu.

"Basi kawasogezee kwanza. Halafu ukumbuke, mtihani wa taifa hakuna wa kumsogezea."

Nikarudi na kipande changu kwa wote waliopata chini ya 20. Walikuwa 19. Kijana mmoja wa 16, nilipomsogeza juu alishuka akawa 11, na chini akawa 10. Huyo hakuteleza, hakujua tu, na hapo nikajua namna ya kuwatofautisha. Aliyeteleza, ukisogeza mstari mmoja tiki zinamiminika kuanzia namba fulani na haziachi. Asiyejua, popote utakapomsogeza anabaki kuokoteza. Nikampata mwingine mmoja tu, yeye alikwenda upande wa pili: jibu la 27 aliliandika mara mbili, mstari wa 27 na wa 28, akaishia na namba 41 ambayo haipo kwenye mtihani. Wala hakushtuka.

Ukiwaangalia hao wawili unaweza kusema dawa ni rahisi, angalia mwisho wako. Ukibaki na nafasi tupu, umeruka. Ukizidi, umerudia. Mimi nilifikiri hivyo mpaka mwalimu akaniuliza, "Na aliyeruka moja akarudia moja?" Ni kweli. Akiruka 13 na baadaye akarudia 30, ataishia 40 barabara, anafunga peni kwa amani, na majibu 17 katikati yamekaa vibaya. Kwa hiyo kuhesabu mwisho hakutoshi, lazima uhakiki njiani.

Tukakubaliana hivi: alama zilizoandikwa zibaki, wazazi wasiitwe kwanza, na wote 19 warudie testi nyingine wiki inayofuata. Kabla ya hapo nikapewa kipindi kimoja cha kuwafundisha, si Biolojia, bali kujibu.

Kwanza niliwataka waandike namba zote 1 mpaka 40 kabla sijagawa maswali, na kila baada ya namba tano wapige mstari. Hii ndiyo sehemu kubwa ya dawa. Namba ikiwa tayari ipo, mkono hauna cha kuhesabu. Unasoma 14 kwenye swali, unaitafuta 14 kwenye karatasi yako. Ukiandika namba huku unajibu, namba inayofuata itaandikwa tu, hata kama swali lake umeliruka.

Pili, swali unaloliruka lisiachwe kimya. Weka kistari mbele ya namba yake. Nafasi tupu na nafasi iliyosahaulika zinafanana, ila kistari kinasema "hapa nilipita kwa makusudi". Kama maswali ni yako na unaruhusiwa kuyaandikia, zungushia herufi huko huko, na uliloruka ulitie nyota, kisha hamisha majibu kila unapomaliza ukurasa. Usisubiri kuyahamisha yote 40 dakika tano za mwisho, maana haraka ile ndiyo inayotelezesha. Na kwenye fomu za kusiliba kwa penseli, kama zile za Darasa la Saba, usiweke kistari wala alama yoyote pembeni. Nyota ibaki kwenye karatasi ya maswali.

Tatu, kila unapofika kwenye mstari wa tano, simama kidogo. Kidole cha kushoto juu ya swali la 15, peni kwenye 15 yako, jisemee "kumi na tano, B". Zikigombana, kosa liko ndani ya maswali matano ya karibu na utalipata. Ukigundua kwenye 40, utalitafuta kwenye karatasi nzima. Na ukifungua ukurasa fanya hivyo hivyo hata kama hujafika kwenye tano, kwa sababu pale ndipo binti wangu alipoanguka.

Kijana mmoja akauliza swali zuri. "Mwalimu, na kama nimeshateleza na nimesiliba kwa penseli?" Nikamwambia anzia nyuma. Kama majibu yako yamepanda juu mstari mmoja, 40 ni tupu. Chukua kilicho kwenye 39, kisilibe kwenye 40, ndipo ufute 39. Kisha cha 38 kiende 39. Ni kama watu kwenye benchi, anayehama kwanza ni aliye karibu na nafasi tupu. Ukianza kwa kufuta 13, unafuta jibu kabla hujalihamisha, na ukifika katikati hujui tena lipi lilikuwa la nani.

Testi ya pili niliipangilia upya. Niliacha swali lenye mchoro likae juu ya ukurasa, na kurasa zote zikaishia kwenye namba inayogawanyika kwa tano. Ile ya kwanza niliipanga mimi, mchoro nikauweka chini kabisa, nikawakataza hata kutia nyota. Sehemu ya ile 18 ilikuwa yangu.

Binti alipata 33. Kwenye namba 22 alikuwa ameweka kistari, kisha pembeni yake herufi A, na ilikuwa makosa. Sikuwahi kufurahia kosa kama lile. Alikosa swali moja, akapoteza alama moja.

Mwalimu wa somo aliiangalia ile karatasi akaniambia, "Sasa hiyo 33 ni ya kwake." Ile 18 bado iko kwenye daftari la alama.

Wenzangu, UE zinakuja na kuna kozi zenye maswali 60 ya kuchagua. Hata kwenye grupu letu la wasapu mtu anatuma picha ya pepa la zamani, tunamjibu "CADBBCADC" mfululizo, kisha tunagombana nani kakosea la sita. Andika "11 mpaka 15: C A D B B", kisha shuka mstari. Ukiruka moja itaonekana, kwa sababu mstari utakuwa na herufi nne.