Salamu ya kwanza kwa wazazi

Kuna mwenzetu aliuliza hapa, mtu akipewa darasa kwa mara ya kwanza, halafu akaambiwa kesho kutwa kuna kikao cha wazazi, asimame aseme nini? Wengi wakamjibu "jiamini tu". Sasa hiyo itamsaidia nini mtu ambaye magoti yanamcheza? Mimi nimeshasimama mbele ya wazazi, hapa Kisimayu, na nilikuwa naogopa mbaya. Naandika vile mambo yalivyokwenda.

Kwanza mjue ni wazazi gani. Shule yetu ni ya mabati, iko karibu na pwani, na watoto wake ni mchanganyiko. Kuna Wabajuni ambao wazee wao walitoka visiwani, Chula, Chovai, Koyama na Ngumi. Kuna Wasomali waliokimbia ukame na vita huko ndani. Na kuna sisi tuliorudi kutoka Dadaab, baada ya ile safari ya kurudi kwa hiari kuanza Desemba 2014. Mimi nilisomea Dagahaley hadi Fomu Foo, mtaala wa Kenya, masomo kwa Kiingereza na Kiswahili kama somo lake peke yake. Nikarudi huku nikakuta darasani lugha ni Kisomali. Nakisema vizuri, nimekua nacho kambini. Lakini nyumbani kwetu ni Kibajuni, ile lugha ambayo njia ni "ndia", na kuja ni "kuya".

Kwa hivyo hofu yangu haikuwa ya kusimama mbele za watu tu. Hofu ilikuwa lugha. Nikianza kwa Kisomali, wamama wa Kibajuni watasema huyu mtoto wetu amekuwa mkubwa, anatuonea aibu. Nikianza kwa Kibajuni, wale wengine watasema shule imepata mwenyewe na wao ni wageni. Na hapa mtu akihisi ni mgeni shuleni, hafanyi kelele. Anamtoa mtoto kimya kimya. Siku mbili tatu humuoni, ukiuliza unaambiwa yuko chuoni, au yuko baharini na mjomba wake.

Kikao kiliitwa na ofisi, saa nne asubuhi. Ofisi ikapanga mabenchi, maji ya kunywa, daftari la mahudhurio. Saa nne ikafika, hakuna mtu. Saa tano, wazee wawili. Mmoja wa wafanyakazi wa shirika akaanza kusema maneno ambayo nyote mmewahi kuyasikia, kwamba wazazi wa hapa hawajali elimu. Mimi nimekaa tu, jasho linanitoka, karatasi yangu imeshalowa.

Yule mzee aliyekuwa karibu yangu akacheka. Akaniuliza, "Mwanangu, leo mwezi ngapi?" Nikahesabu, ilikuwa tarehe kumi na tano ya mwezi wa Kiislamu. "Basi," akasema, "bahari iko wapi saa hii?" Nikatazama nje. Maji yametoka mbali, mwamba wote uko wazi, na juu yake watu wadogo wadogo wameinama. Hao ndio walikuwa wazazi wangu.

Mnaotoka bara, haya ni mambo ya bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda sana na hutoka sana, na pwani yetu yote hii, hadi Mombasa, siku hizo maji hufika chini kabisa kama saa nne asubuhi. Ndio wakati wa kwenda mwambani kutafuta pweza na kome. Ni saa mbili tatu tu, kisha bahari inarudi. Hakuna mama mwenye watoto watano atakayeacha mboga ya leo aje kunisikiliza mimi nikijitambulisha.

Wakaja baada ya sala ya adhuhuri, wengine ndoo bado mkononi. Kufikia hapo nilikuwa nimekaa na hofu yangu kama saa tatu. Mate yamekauka, na nilipojaribu kumwambia mtu akae, sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto.

Sasa nieleze salamu yenyewe, maana hapo ndipo wengi huharibu. Nimewahi kumuona mwalimu mmoja mgeni aliingia moja kwa moja mbele, akatoa simu, akaanza kusoma: "Wageni waalikwa, wazazi, mabibi na mabwana." Wazazi wakamtazama tu. Kwetu hotuba haitangulii salamu, na salamu haitolewi kutoka mbele kwa watu ambao hujawapa mkono.

Mimi nilifanya alivyokuwa akifanya babu yangu akiingia barazani. Nilipita kabla ya kikao kuanza, upande wa wanaume, nikianzia na mzee mkubwa kuliko wote, sikuanza na mwenyekiti wa kamati. Wazee wa Kibajuni nikawabusu mkono. Wazee wa Kisomali nikawapa mkono kwa mikono miwili, nikawaita adeer. Kisha nikaenda upande wa wanawake. Huko hupeani mkono, unaweka mkono kifuani, unainamisha kichwa kidogo, unauliza habari za watoto. Hapa msiharakishe jamani. Mwalimu kijana mwenye haya hupenda kuupita upande wa wanawake kama mtu anayekimbia mvua, na wao ndio wanaowaamsha watoto asubuhi.

Faida moja sikuitarajia. Nilipofika mbele, hofu ilikuwa imepungua, kwa sababu kila mtu nilikuwa nimeshazungumza naye maneno mawili matatu. Sauti ilikuwa imerudi yenyewe. Nadhani kikao kinatisha pale unapowaona watu wote kama kitu kimoja kikubwa. Ukishajua yule pale ana kikohozi na huyu mjukuu wake ana homa, ni watu.

Halafu nikasimama, nikasema "Asalamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh", polepole, nikanyamaza. Chumba kizima kikajibu. Salamu hii ni ya kila mtu pale, si ya Kisomali si ya Kibajuni, na muda wanaojibu wewe unapata kuvuta pumzi. Msiimeze haraka. Subirini jibu liishe kabisa. Baada ya hapo nikasalimu kwa Kisomali, sentensi mbili, kisha zile zile kwa Kibajuni. Sentensi hizo nilizikariri usiku kucha, nyingine zote niliziacha zije zenyewe. Karatasi niliiweka ndani ya daftari lenye jalada gumu, maana karatasi tupu ikitetemeka watu wote wanaona, daftari halisemi.

Nikataja jina langu, la baba na la babu. Hapo hapo mzee mmoja akakatiza: "Wa kisiwa gani?" Nikasema babu wa Chula. Akatikisa kichwa, akaanza kuhesabu na mwenzake nani alimuoa nani. Kikao kikasimama kama dakika tano. Yule wa shirika anatazama saa. Mimi nikawaacha, na nawaomba nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika muwe mnaacha. Huko ndiko kupokewa kwenyewe. Lakini na mimi nilijizuia kuwauliza wao hivyo hivyo mbele za watu. Kuna waliofukuzwa majumbani mwao hapa mjini mwaka 1991, na pengine aliyekaa benchi la nyuma ni jamaa wa aliyeichukua nyumba. Swali la asili, mzee anaweza kuliuliza. Mwalimu hapana.

Nilipowapa nafasi ya kuuliza, mama mmoja wa Kibajuni akasimama huku amejifunika buibui hadi puani. Akasema, "Mwalimu, mwanangu ana mwaka mzima hapa hajasema neno. Nimeambiwa ni bubu. Nyumbani anatuchosha kwa maneno. Niambie, nimtoe?"

Chumba kikanyamaza. Nilimjua mtoto, ana miaka minane, anakaa nyuma karibu na mlango. Nikamuuliza mama, ukimwita akiwa amekupa mgongo, anageuka? Akasema anageuka hata akiitwa kwa mnong'ono. Basi anasikia. Mtoto mwenye shida kubwa ya kusikia mara nyingi hageuki ukimwita kwa mnong'ono kwa nyuma, hata kwa lugha ya mama yake. Nikamwambia mtoto hana ugonjwa, hajaelewa Kisomali bado, na mtoto asiyeelewa hunyamaza ili asichekwe. Nikaomba miezi miwili kabla hajamtoa. Nikalisema hilo kwa Kibajuni, kisha kwa Kisomali, ili wote walisikie, maana waliosema ni bubu nao walikuwemo.

Mzee mmoja wa Kisomali akasema hata wao, walipofika Dadaab, watoto wao walinyamaza hivyo mbele ya walimu wa Kiingereza. Sikutegemea msaada utoke upande huo.

Jumamosi yake nikamhamisha mtoto mbele, nikamkalisha na msichana anayejua lugha zote mbili, wa nyumba ya jirani yao. Hesabu namuuliza kwa Kibajuni, ajibu kwa Kibajuni, kisha darasa zima linarudia kwa Kisomali. Siku ya kwanza alijibu kwa vidole. Wiki ya tatu akajibu kwa mdomo. Bado Kisomali chake ni cha kuokota okota, na mtihani wa muhula hakufanya vizuri. Lakini anakuja.

Jambo la mwisho ni daftari la mahudhurio. Lilikuwa na kidau cha wino kwa "wasiojua kusoma na kuandika". Mzee wangu wa bamvua alipofikiwa akaambiwa aweke kidole. Akalisukuma lile kopo la wino, akaomba kalamu, akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, mkono mzuri kuliko wa mtu yeyote pale. Kisomali kilipewa herufi za Kilatini mwaka 1972, na yeye alikuwa ameshasoma chuoni kwa herufi zake na akiandika barua za Kiswahili kwa herufi hizo. Dada aliyekuwa na daftari akauliza amuweke safu gani. Nikamwambia safu ya wanaojua. Baada yake wazee wengine wanne wakaomba kalamu, na wawili kati yao walikuwa wameshaweka kidole.

Kikao kijacho tumekipanga na wazazi wenyewe: saa nne ile ile, lakini tarehe nane ya mwezi wa Kiislamu. Siku hizo bahari haitoki sana, na saa nne maji yamejaa, mwambani hakuna mtu. Ofisi ilitaka tarehe ya kalenda yao kwa ajili ya ripoti. Tumewapa zote mbili.